Gari ya Laki Tano Ni ya Laki Saba



Hapa Lodwar, kila kijana mwenye miaka ishirini na kitu na biashara inayosonga ana bei moja kichwani. Muulize anasevu ya nini, atakuambia Probox. Muulize ngapi, atakuambia laki tano. Hiyo laki tano ameitoa kwa tangazo la mtandaoni ama kwa broka wa Eldoret, na ameiandika kwa simu kama lengo. Siku ikifika 500,000 atapiga simu, atapanda basi, na atarudi akiendesha.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu hawatayapenda: huyo msee hajafika. Amefikisha kama asilimia 70 ya lengo lake, halafu amenunua. Ile asilimia 30 iliyobaki haijaenda mahali. Itakuja tu kumdai ikiwa imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kitakuja siku mbaya.

Kama unabisha, zunguka nyuma ya nyumba hapa mtaani. Utaona magari yamewekwa juu ya mawe, tairi hazipo, vumbi limefunika vioo, mbuzi wamelala kwa kivuli chake. Ukiuliza, utaambiwa "bado tunangoja spea." Wengi wa hao walikuwa na pesa ya kununua gari. Pesa ya kuwa na gari ndiyo hawakuwa nayo.

Mnakumbuka 2024? Mswada wa Fedha ulikuja na ushuru wa magari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usipungue 5,000 na usizidi 100,000, ulipwe wakati wa kukata bima. Watu waliukataa, pendekezo likaondolewa Juni, na mswada wenyewe haukutiwa saini. Mimi nilikuwa upande wa waliokataa na bado niko huko. Lakini hebu fanya hesabu. Kwa gari ya 500,000, huo ushuru ungekuwa 12,500 kwa mwaka. Tairi mbili nzuri za Probox hapa Lodwar zinakula zaidi ya hiyo. Tulijua ushuru hadi pointi ya desimali, lakini ukimuuliza msee anayesevu tairi nne ni ngapi, anaangalia juu.

Sasa twende kwa hesabu yenyewe. Kuna jamaa yangu Kakuma, ana duka la simu na aksesari. Analeta mzigo kutoka Lodwar, kila mwezi anakuja huku mara mbili. Amenikubalia nitumie namba zake, jina lake nimeacha. Anasevu 20,000 kila mwezi na anataka Probox ya 2008, injini ya 1500. Bei aliyoitiwa ni 500,000. Kwa hesabu yake, miezi 25 na amemaliza.

Tuliketi na karatasi jioni moja. Bei za huku hupanda na kushuka, kwa hivyo hizi zangu zichukue kama za kupangia, uweke zako pale unapojua bora.

Tulianza na zile pesa za mara moja, za kuifikisha gari mlangoni ikiwa salama. Kwanza kuna fundi wako, si wa muuzaji, wa kuikagua, na kuangalia rekodi za gari kwa NTSA ujue mwenye jina kwa logbuku ndiye huyo anayekuuzia, na kama benki imeishikilia. Tukaweka 5,000. Kuhamisha umiliki kupitia eCitizen, na ile gharama ndogo ndogo inayozunguka hiyo kazi, tukaweka 5,000 nyingine. Kisha gari iko Kitale ama Eldoret na wewe uko huku. Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300, kwa hivyo kuna nauli ya kwenda, petroli ya kurudi na chakula. Tukaweka 8,000.

Halafu kuna kitu ambacho tangazo halisemi: gari ya mitumba inauzwa na tairi za mwisho. Muuzaji akijua anauza, haendi kununua tairi mpya. Haweki oili mpya. Betri anaisukuma hivyo hivyo. Kwa hivyo mwezi wa kwanza ni wako kulipa yale yeye aliahirisha. Tairi nne za 7,500 ni 30,000. Betri 9,000. Servisi ya kwanza, oili na filta zote na plagi, 8,000. Kulanti mpya na paipu za rediata 5,000. Jumla 52,000.

Ukijumlisha hizo zote za mara moja, ni 70,000 juu ya bei. Na gari bado haijaenda Kakuma hata mara moja.

Sasa bima, na hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu bima ndiyo inaamua ukubwa wa kila kitu kingine.

Sheria ya Kenya inataka kila gari barabarani iwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile tunaita thadi pati. Hiyo kwa gari ya kibinafsi ni elfu chache kwa mwaka, tukaweka 7,000. Jamaa akafurahi. Akasema, "Kumbe bima ni rahisi hivi?" Nikamwambia subiri. Thadi pati inalipa yule uliyemgonga. Wewe mwenyewe haikulipi kitu. Ukiteleza ukaingia mtaroni karibu na Kalobeyei, gari ni yako na shida ni yako. Mvua ikinyesha mbali, laga ya Kawalase ikashuka na maji ukiwa umepaki pale chini, kampuni haitakupigia simu.

Kuna bima kubwa, komprehensivu, inayolipa hata gari yako. Kwa kawaida inahesabiwa kama asilimia fulani ya thamani ya gari, asilimia 4 mpaka 6 hivi, na kila kampuni ina kiwango cha chini ambacho haishuki. Kwa gari ya laki tano tegemea 30,000 na zaidi. Shida ni kwamba kampuni nyingi zina mwisho wa umri wa gari. Nyingi zinasimama kwa miaka 12 ama 15 tangu itengenezwe. Probox ya 2008 imepita hapo zamani. Kwa hivyo jamaa hata akiwa na hiyo 30,000 mkononi, anaweza kuzunguka ofisi zote na kila moja imrudishe kwa thadi pati.

Hapo ndipo watu wengi wanapumua na kusema wameokoa pesa. Mimi naona kinyume. Kama hakuna kampuni itakayobeba hatari ya gari yako, anayeibeba ni wewe. Ile pesa ambayo hukulipa kampuni lazima iwe mahali, na hapo mahali ni mfuko wako wa matengenezo. Gari ikiwa nzee, bima inakuwa ndogo na mfuko unakuwa mkubwa. Hizo mbili huwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana ukiuliza bei ya gari, swali la pili liwe mwaka, na la tatu liwe kama bima kubwa itakubali huo mwaka. Piga simu kwa ajenti kabla ya kulipa, si baada.

Na kabla nitoke kwa bima: najua mchezo wa huku. Unanunua Probox ya kibinafsi, halafu ukienda Kakuma unabeba watu wanne wakulipie mafuta. Bima ya gari ya kibinafsi haijapangwa kwa abiria wa kulipa. Hiyo ni bima ya magari ya umma, bei yake ni nyingine kabisa. Ajali ikitokea na abiria wakisema walilipa nauli, kampuni inaweza kukuruka. Kama mpango wako wa mafuta unategemea abiria, basi lengo lako la pesa si hili ninaloandika hapa. Ni kubwa kuliko hili, na linaanza na leseni na bima ya biashara.

Turudi kwa karatasi. Mafuta.

EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na bei inatofautiana mji na mji kwa sababu ya usafiri wa mafuta yenyewe. Sisi huku juu hulipa zaidi ya Nairobi. Kwa hesabu tulitumia 195 kwa lita. Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Probox ya 1500 ikiwa na mzigo na AC, kwa sababu kwa joto la huku hutaizima, nimeipa kilomita 12 kwa lita. Wauzaji watakuambia 16 ama 18. Labda, asubuhi, bila mzigo, ukiteremka. Safari moja kwa hivyo ni lita 20, na jamaa anaenda mbili, ni lita 40. Ongeza mizunguko ya Kakuma mjini, kilomita 360 kwa mwezi, kilomita 10 kwa lita, ni lita 36. Jumla lita 76, mara 195, ni 14,820. Tuseme 15,000 kwa mwezi.

Mafuta ya mwaka mzima huwezi kuyasevu yote kabla, na si lazima. Yatatoka kwa mapato ya kila mwezi. Lakini miezi mitatu ya kwanza iwe ndani ya lengo, kwa sababu ile miezi ndiyo gari inakuwa inakuzoea na wewe unaizoea, na biashara bado haijajua kama gari imesaidia. Miezi mitatu ni 45,000. Na tafadhali, nunua stesheni. Petroli ya chupa kando ya barabara ni ya dharura tu. Hujui imechanganywa na nini, na pampu ya mafuta haina huruma.

Servisi. Jamaa atatembea kama kilomita 840 kwa mwezi, karibu 10,000 kwa mwaka. Kwa vumbi na joto la huku, badilisha oili kila kilomita 5,000 na usingoje zaidi. Hizo ni servisi mbili kwa mwaka baada ya ile ya kwanza, 16,000. Filta ya hewa ifunguliwe na kupulizwa katikati ya hapo, hiyo fundi atakufanyia kwa pesa kidogo ama bure.

Mwisho, mfuko wa matengenezo. Tukaweka 80,000. Jamaa aligoma hapa. "Buda, 80 ya nini na gari haijaharibika?" Ni swali zuri, na jibu lake ni rediata.

Acha nieleze vile gari hufa kwa hii barabara, kwa sababu ukielewa njia moja utaelewa zingine. Mtu anaona maji ya rediata yamepungua. Badala ya kulanti anaongeza maji ya kisima, na maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ukichemsha hayo maji kwa sufuria kila siku unaona ile kitu nyeupe inashika chini. Sasa ndani ya rediata kuna vijia vyembamba, na ile nyeupe pamoja na kutu inavijaza pole pole. Miezi kadhaa hakuna kitu unaona, kwa sababu mjini unaenda polepole na safari ni fupi. Halafu siku moja unatoka Lodwar saa saba mchana, nje ni digrii 38, nyuma kuna mzigo, AC inafanya kazi. Rediata haiwezi tena kutoa joto. Injini inapanda moto. Wewe unasema ngoja nifike Kakuma.

Hizo dakika ishirini za "ngoja nifike" ndizo zinachoma gasketi ya hedi. Hapo kazi imebadilika. Kulanti ya lita nne ingekuwa elfu mbili na kitu. Rediata yenyewe, kama ungeibadilisha mapema, elfu nane ama tisa. Sasa fundi anafungua hedi, inapelekwa kupigwa laini kwa mashine, unanunua gasketi seti, unalipa kuvutwa mpaka mjini, na spea inakuja na basi kutoka Kitale ama Eldoret siku fulani. Ukifika mwisho umetoa 35,000 ama 40,000, na duka lilikuwa bila mzigo wiki nzima.

Na hiyo ni shida moja. Nyingine ikija mwaka huo huo, shokabzoba za nyuma kwa mfano, kwa sababu kila mtu anapakia Probox kama ni lori, 80,000 imeisha. Ndiyo maana namba ni hiyo. Ni ukarabati mkubwa mmoja na mwingine wa wastani, bila kukopa, bila kuuza simu.

Hata hivyo ukaguzi mzuri siku ya kununua unaweza kukuepusha na gari ambayo tayari iko kwa hiyo njia. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika, weka mkono kwa boneti. Ikiwa moto, uliza kwa nini aliwasha, kwa sababu gari baridi ndiyo husema ukweli. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rediata. Usifungue ikiwa moto, itakuchoma uso. Ndani unataka kuona kulanti yenye rangi safi. Ukiona maji ya kahawia kama chai ya kantini, umeona miaka ya maji ya kisima. Fungua kifuniko cha oili, angalia upande wa chini. Ukipata kitu kama krimu ya rangi ya kahawa na maziwa, inawezekana maji na oili vimeanza kukutana. Kisha injini iwashwe na uangalie rediata ikiwa bado wazi: mapovu yasiyoisha ni dalili kwamba moshi wa injini unapita kwa gasketi. Ukiona hata mbili kati ya hizo, rudi nyumbani. Usipunguziwe bei, rudi tu.

Tairi nazo zina tarehe. Kando ya tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, kwa mfano 2319. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado iwe nzee, mpira umekauka. Kwa lami yetu ya mchana hiyo ndiyo hupasuka.

Sasa jumlisha. Bei 500,000. Za mara moja 70,000. Bima 7,000. Mafuta ya miezi mitatu 45,000. Servisi 16,000. Mfuko 80,000. Jumla ni 718,000.

Kwa 20,000 kila mwezi, laki tano ni miezi 25. Hiyo 718,000 ni miezi 36. Jamaa alinyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho naona wengi watasema: "Basi nitanunua ya bei ya chini." Sawa. Lakini angalia karatasi tena. Ile 218,000 ya ziada haikupungua kwa sababu bei imepungua. Petroli haijui ulinunua gari pesa ngapi. Tairi ni zile zile. Kwa hivyo kama una 500,000 tu na unataka kuwa na gari, si kununua tu, gari yako ni ya kama 280,000. Na gari ya 280,000 ni nzee zaidi, kwa hivyo mfuko wake unafaa kuwa mkubwa zaidi. Gari za bei ya chini ni za watu wenye akiba, na najua hiyo inasikika kama utani.

Kuna hesabu moja zaidi, na kwangu hii ndiyo ya maana kuliko zote. Gari ikishanunuliwa itakula ngapi kwa mwezi? Mafuta 15,000. Servisi ukigawanya kwa miezi 12 ni kama 1,300. Bima kama 600. Na mfuko ukitumika lazima ujazwe tena, weka 5,000. Ni karibu 22,000 kwa mwezi, kila mwezi, hata ule mwezi wa Januari.

Jamaa anasevu 20,000. Umeona? Gari itakula zaidi ya kile anachosevu. Kitu kinachomwokoa ni kwamba leo nauli, boda na kutuma mizigo kwa magari ya watu vinamla kama 6,000 kwa mwezi, na hizo zitaisha. Kwa hivyo uwezo wake ni 26,000 na gari inataka 22,000. Anapita, lakini kwa 4,000 tu, na akiba nyingine yoyote itakuwa imesimama. Ukipiga kwa njia nyingine, atakuwa analipa 16,000 zaidi kwa mwezi kuliko leo ili awe na gari. Kwa hivyo gari lazima imletee angalau hiyo faida ya ziada, la sivyo ni starehe. Starehe si dhambi, ni pesa yako. Ila ijue kwa jina lake.

Ndiyo maana nilimwambia afanye jaribio kabla. Kwa miezi mitatu, toa hiyo 22,000 kila mwezi, iweke kando kana kwamba gari iko hapo nje, na bado ulipe nauli zako. Ukishindwa mwezi wa pili, gari ingeshindwa pia, na hujapoteza kitu. Ukiweza, una 66,000 ambazo karibu zinatosha mfuko wa matengenezo. Kwa miezi hiyo, ile siku ya mzigo mkubwa, kodi Probox ya mtu na dereva wake. Mara mbili kwa mwezi bado ni rahisi kuliko kumiliki.

Kuhusu mahali pa kuweka, gawa mara mbili. Pesa ya kununua iwe mahali pagumu kufika: akaunti ya kufungia kama ile ya M-Shwari, ama hazina ya soko la pesa. Amana za Sacco ni nzuri kwa kupata mkopo, lakini kwa kawaida huwezi kuzitoa ukiwa bado mwanachama, kwa hivyo usiweke mfuko wa matengenezo huko. Mfuko wa matengenezo unahitajika Jumamosi jioni ukiwa Kakuma na fundi ameshika spana. Hata hazina ya soko la pesa inaweza kuchukua siku ya kazi ama zaidi kukutumia. Weka kama 15,000 za huo mfuko mahali unapoweza kuzifikia kwa simu saa hiyo hiyo.

Na mbuzi? Nilijua mtauliza. Wazee wetu husevu kwa mbuzi na si ujinga, mbuzi anazaa. Lakini kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mliona mizoga na mliona bei. Mbuzi anashuka bei wakati ule ule biashara yako inakauka. Kwa lengo lenye tarehe kama gari, mbuzi wawe wa pembeni.

Jamaa hajanunua. Ameongeza miezi 11 kwa mpango, na sasa anatafuta gari ya miaka michache nyuma ambayo bima kubwa itaikubali, aone kama hiyo 30,000 ya bima itamruhusu kupunguza mfuko. Hiyo naona ni swali la mtu anayejua anachonunua.

Wewe unasevu ya gari gani? Andika bei hapo chini. Halafu usiku wa leo andika kwa simu yako ile namba ya pili, na uniambie umepata ngapi.